Slaidi za Mhadhara Kuwa Kadi za Kusomea Basini

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ikigawanywa safu mbili za kusimama na mistari minne ya kulala, hutoa vyumba vinane, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 105 na urefu wa takriban 74, kipimo kinachoingia mfuko wa shati. Swali likikaa chumba cha kushoto na jibu lake chumba cha kulia, karatasi hukunjwa katikati kwa urefu, maandishi yakibaki nje, kisha hukatwa mara tatu. Zinapatikana kadi nne zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Uchapaji ni wa upande mmoja tu, kwa hiyo printa yoyote ya steshenari inaweza kazi hiyo, na karatasi nyepesi ikishakunjwa huwa ngumu kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umeshika bomba la daladala.

Kazi kubwa iko kabla ya kuchapa. Tuseme mhadhara wa fiziolojia ya moyo una slaidi 40. Jalada, yaliyomo, marejeo na shukrani huondolewa, na katika zilizobaki huchaguliwa hoja 16 zinazostahili kuulizwa. Kila hoja hupewa slaidi mbili zinazofuatana. Ya kwanza inauliza: “Pato la moyo kwa dakika hupatikanaje?” Ya pili inajibu: “Idadi ya mapigo kwa dakika mara ujazo wa damu kwa pigo; 70 × mililita 70 = mililita 4,900, karibu lita 5.” Slaidi ya mhadhiri yenye hoja sita haipaswi kubanwa kwenye kadi moja, ivunjwe. Hoja 16 hufanya slaidi 32, yaani karatasi nne tu.

Kinachowaponza wengi ni ukubwa wa herufi. Slaidi pana za siku hizi zina upana wa karibu sentimita 34, na zikishushwa hadi sentimita 10 herufi ya pointi 24 hubaki na pointi 7 hivi. Mezani inasomeka, kwenye basi linalorukaruka barabara ya vumbi haisomeki. Ni bora kubadili ukubwa wa slaidi kuwa A4 ya kulala, ambayo umbo lake linakaribia la kadi, na kuandika kwa pointi 28 au zaidi. Mandhari yawe meupe. Maandishi ya njano juu ya bluu hupendeza ukutani, lakini printa ya rangi nyeusi huyageuza kijivu juu ya kijivu.

Faili likishahifadhiwa kama PDF, hufunguliwa kwa Acrobat Reader. Kwenye dirisha la kuchapa huchaguliwa `Multiple`, kisha `Custom` 2 kwa 4, karatasi ikiwa ya kusimama, na `Page Order` iwe `Horizontal`. Ikiachwa `Vertical`, slaidi ya kwanza hadi ya nne hushuka zote upande wa kushoto, na swali la kwanza hupata mgongoni slaidi ya tano, ambayo ni swali jingine. Kosa la namna hiyo hutokea pia slaidi moja ikisahaulika: kuanzia hapo kila swali huvaa jibu lisilo lake. Dawa yake ni kuandika namba ileile pembeni mwa swali na jibu, kisha kuchapa karatasi moja ya majaribio kabla ya kulipia zote. `Print page border` huongeza mistari ya kufuata wakati wa kukata.

Printa nyingi husogeza chapa kidogo, hivyo ukunjaji ufuate nafasi iliyo kati ya safu mbili zilizochapwa, si ukingo wa karatasi. Karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga, mistari ya pande mbili inapaswa kulaliana. Neno lisipite kwenye mkunjo, kwa sababu wino wa unga wa mashine ya leza hubanduka hapo. Wino wa maji nao huchuruzika kwa jasho la kiganja, basi leza ndiyo ya kuchagua. Tundu hutobolewa kona ya juu, upande usio na mkunjo, na uzi hupitishwa ili kadi zisifunuke wala kutawanyika.

Faida iko katika kujibu kabla ya kugeuza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokuwa mbele. Anayepatwa na kichefuchefu akisoma safarini asome swali basi likisimama kituoni, kisha atazame nje huku akitafuta jibu.

Michoro yenye sehemu nyingi, kama mzunguko mzima wa damu, haifai kwa kadi hizi. Hiyo ichapwe karatasi nzima na ibaki nyumbani.