Saa Zikipungua, Nani Anaziba Pengo la Mshahara?

Kiwanda kikikosa oda, mwenye kiwanda huwa na njia mbili: kupunguza watu au kupunguza saa. Ujerumani imezoea ile ya pili. Aprili 2020, wakati wa korona, wafanyakazi wapatao milioni sita nchini humo walikuwa wamepunguziwa saa, huku ajira zao zikiendelea kuwapo.

Mshahara ulioyeyuka hautoki wote mfukoni mwa mwajiri. Wakala wa Ajira wa Serikali hufidia asilimia 60 ya pengo la mshahara wa mkononi, au asilimia 67 kwa mwenye mtoto. Mfuko wake unatokana na michango ya bima ya kutokuwa na kazi, ambayo wafanyakazi na waajiri huchangia. Masharti hayakosekani. Kwa kawaida angalau theluthi ya wafanyakazi wawe wamepoteza zaidi ya asilimia 10 ya mshahara wa mwezi, na mwajiri atoe taarifa ndani ya mwezi uleule ambao saa zimepunguzwa. Akichelewa, mwezi huo umepotea. Fidia anaitanguliza yeye pamoja na mshahara, kisha anairudishiwa na wakala.

Asilimia 60 ni ndogo kwa mtu mwenye kodi ya nyumba. Ndipo linapokuja jambo la tatu, nyongeza ya mwajiri. Sheria ya jumla haimlazimishi kuitoa. Hutokana na mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri, au makubaliano na baraza la wafanyakazi la kampuni, au mkataba wa mtu binafsi. Ndiyo maana majirani wawili waliopunguziwa saa sawasawa huweza kupata fedha tofauti kabisa.

Tumchukue fundi wa mashine asiye na mtoto. Namba nimezirahisisha, kwa kuwa kiasi halisi hutegemea daraja lake la kodi. Mshahara wake ghafi ni yuro 3,000, na mkononi hupata 2,000. Saa zikikatwa nusu, mshahara ghafi unakuwa 1,500 na wa mkononi 1,150. Pengo ni yuro 850. Wakala anafidia asilimia 60, yaani 510, na fundi anafika 1,660.

Sasa mkataba wake unasema mwajiri ataongeza hadi asilimia 80. Asilimia 80 ya nini? Hapo ndipo wengi hupotea. Ikiwa ni ya pengo, 80 kwa 850 ni 680. Toa 510 za wakala, mwajiri anabaki na 170 za kulipa, na fundi anapata 1,830. Ikiwa ni asilimia 80 ya mshahara wote wa zamani, kiwango ni 1,600, na yeye tayari ana 1,660. Mwajiri halipi hata senti, ingawa ameahidi kwa maneno yanayofanana.

Saa zikifutwa zote, mambo hugeuka. Pengo sasa ni 2,000 nzima. Kwa wakala anapata 1,200, na nyongeza hadi asilimia 80 ya pengo humfikisha 1,600. Lakini mwenzake aliyeahidiwa asilimia 90 ya mshahara wa zamani anapata 1,800, ingawa wakati wa nusu ya saa huyo mwenzake ndiye angekuwa nyuma kwa yuro 30. Kabla ya kusifu mkataba, kwa hiyo, ni vizuri kuupiga hesabu kwa hali zote mbili.

Mitego miwili hujitokeza baadaye. Malipo ya ziada ya kazi nje ya saa za kawaida hayaingii kwenye hesabu ya mshahara uliopotea, hivyo aliyezoea kuishi kwa saa za ziada huona fidia yake imepungua sana kuliko alivyotarajia. Pia fidia ya wakala haikatwi kodi, lakini huhesabiwa mwisho wa mwaka wakati wa kupanga kiwango cha kodi cha mapato mengine, na ikizidi yuro 410 mfanyakazi lazima awasilishe taarifa ya kodi. Nyongeza ya mwajiri, kwa upande wake, kwa kawaida hutozwa kodi kama mshahara. Kwa hiyo zile yuro 170 zinaweza kufika mkononi pungufu, isipokuwa mkataba utaje kiasi cha mkononi.

Kama unafanya kazi Ujerumani na barua ya kupunguziwa saa imekufikia, usitosheke na asilimia iliyoandikwa. Uliza kwa maandishi ni asilimia ya pengo au ya mshahara wa zamani, na ni kabla au baada ya kodi.