Majaribio 40,000 kwenye mlango ulioachwa barabarani

Tarehe 18 Februari 2018, huko jimbo la Colorado nchini Marekani, seva moja mpya ya kukodi iliwashwa na kuunganishwa na mtandao wa Idara ya Uchukuzi. Seva hiyo ilikuwa na anwani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, na ile huduma ya Windows iitwayo Remote Desktop, inayomwezesha mtu kuona na kuendesha kompyuta akiwa mbali, ilikuwa wazi. Kinga za kawaida za jimbo zilikuwa hazijawekwa. Siku mbili baadaye mgeni alikuwa ameshaingia. Tarehe 21, Jumatano asubuhi, wafanyakazi walikuta mafaili yao yamefungwa na kirusi cha kudai fidia kiitwacho SamSam.

Jimbo lilikataa kulipa. Tarehe 1 Machi gavana alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya shambulio la kompyuta, na kazi ya kurudisha mifumo iliendelea kwa wiki kadhaa. Baadaye jimbo lilichapisha ripoti ya uchunguzi, na humo imo namba moja ambayo ningependa kila mwenye seva aijue. Mshambuliaji aliipata nywila ya akaunti ya Administrator baada ya kukisia takriban mara 40,000.

Arobaini elfu inasikika kubwa. Lakini mashine ikijaribu mara moja tu kila baada ya sekunde nne, siku mbili zinatosha. Hapakuhitajika ustadi wowote. Ilihitajika programu isiyochoka, orodha ya nywila zinazopendwa na watu, na mlango usiouliza kwa nini mtu mmoja amebisha mara elfu moja tangu asubuhi.

Wenye ofisi ndogo huniuliza swali lilelile: nani ataijua seva yangu? Duka la vifaa vya ujenzi lenye programu ya hesabu, mhasibu anayetaka kufunga vitabu akiwa nyumbani Jumapili, fundi aliyefungua mlango kwenye ruta akaondoka. Hayo yana thamani gani kwa mtu wa ng'ambo? Jibu ni kwamba hakuna anayekutafuta wewe. Anwani zote za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, hazizidi bilioni 4.3. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, wakaonyesha kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kugusa anwani hizo zote kwa chini ya dakika 45. Huduma hii ya Windows husikiliza kwenye mlango namba 3389. Anayezunguka anapiga namba hiyo kila anwani, na panapojibiwa anaandika. Ndiyo maana kubadili namba ya mlango, dawa wanayoipenda mafundi wengi, hupunguza kelele tu. Huduma ikiguswa kwenye namba nyingine yoyote bado hujibu kwa lugha yake ileile, na lugha hiyo inaitambulisha.

Dalili zake zipo kwenye seva yenyewe. Fungua Event Viewer, sehemu ya Security, utafute tukio namba 4625, yaani jaribio la kuingia lililoshindwa. Ndani yake mna msimbo mdogo usemao mengi. `0xC0000064` maana yake jina lililotumika halipo kabisa kwenye seva. `0xC000006A` maana yake jina lipo, nywila ndiyo si sahihi. Mlolongo mrefu wa msimbo wa kwanza, wenye majina kama admin, test na user, ni mtu anayepapasa gizani. Ukiona wa pili unaongezeka kwa jina la mhasibu wako, basi mtu huyo ameshalijua jina na amebakiza nusu ya kazi. Na ukikuta baada ya mlolongo huo tukio namba 4624, yaani aliyefanikiwa kuingia, kutoka anwani usiyoifahamu, chomoa waya wa mtandao kwanza. Maswali yatafuata.

Turudi kwenye zile 40,000, tuone kila kinga ingezifanyaje.

Kufungia akaunti ndiko rahisi kueleweka kwetu, kwa sababu tunakubeba mfukoni. Namba ya siri ya laini ya simu ina tarakimu nne, yaani zipo namba 10,000 tu. Kwa kompyuta hiyo si kitu. Lakini laini haivunjwi kwa kukisia, kwa sababu ukikosea mara tatu inafunga na kudai PUK. Siri yenyewe ni dhaifu sana. Kinachoilinda ni uchache wa nafasi za kujaribu. Kwenye seva ya Windows inayojitegemea, amri hii hufanya kazi hiyo:

```
net accounts /lockoutthreshold:10 /lockoutwindow:10 /lockoutduration:10
```

Maana yake, anayekosea mara kumi ndani ya dakika kumi, akaunti inafungwa kwa dakika kumi. Sasa piga hesabu. Mshambuliaji anapata majaribio kumi kwa kila dakika kumi, yaani 1,440 kwa siku. Makisio 40,000 yaliyokamilika Colorado ndani ya siku mbili yangechukua karibu siku 28. Katika muda huo mtu yeyote anayepitia kumbukumbu hata mara moja kwa wiki angeyaona.

Lakini hapa pana shimo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi akaunti ya Administrator inayokuja na Windows ilikuwa haifungiki, hata ukiweka kanuni hiyo. Ilionekana ni hatari msimamizi afungiwe nje ya mashine yake mwenyewe. Matokeo yake, akaunti yenye nguvu kuliko zote, ambayo jina lake linajulikana dunia nzima, ndiyo iliyoweza kukisiwa bila kikomo. Microsoft ilileta uwezo wa kuifungia kwenye masasisho ya Oktoba 2022, kwa kanuni iitwayo Allow Administrator account lockout. Seva za zamani zilizosasishwa zinaweza kuwa nayo bila kuwa imewashwa. Lazima ukaangalie mwenyewe.

Kufungia kuna gharama pia. Anayelijua jina la mhasibu anaweza kulikosesha makusudi kila dakika kumi, na mhasibu asiingie siku nzima ya mwisho wa mwezi. Tena mshambuliaji mwerevu hajaribu nywila nyingi kwa jina moja. Huchukua nywila moja inayopendwa, akaipitisha kwa majina yote ya ofisi, akapumzika, kisha akaja na nyingine. Hakuna akaunti inayofikia makosa kumi, na hakuna inayofungwa.

Kwa huyo, kinga ni nywila yenyewe. Simba2024 ina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na urefu wa herufi nane na zaidi. Windows itaipokea bila kulalamika, na ni miongoni mwa zile ambazo mtu anayeijua Tanzania angezijaribu kabla ya chai ya saa nne. Nywila ngumu hupimwa kwa wingi wa zile ambazo ingeweza kuwa, na alama za ajabu zilizomo ndani yake hazibadilishi sana hesabu hiyo. Ukiwa na orodha ya maneno 7,776 ya kawaida, ukachagua manne kwa kurusha dado, mpangilio wako ni mmoja kati ya zaidi ya trilioni 3,600. Mashine ikikisia mara elfu moja kila sekunde, kasi ambayo huduma hii haiifikii, ingehitaji zaidi ya miaka 100,000 kuimaliza orodha. Dado ndiyo siri ya hesabu hiyo. Ukichagua maneno manne yanayokupendeza, utachagua ya wimbo, ya methali au majina ya watoto, na trilioni zinayeyuka.

Hata hivyo nywila nzuri huibwa nzima. Mhasibu ameitumia pia kwenye tovuti nyingine iliyovuja, au ameiandika kwenye kompyuta ya hoteli yenye programu inayorekodi vibonye. Mwizi wa namna hii hakisii; anaingia mara ya kwanza tu, na kufungia akaunti hakumgusi. Hapo ndipo hatua ya pili inapohitajika: zile tarakimu sita za kwenye simu zinazobadilika kila sekunde 30. Simu na seva zilipeana siri moja siku ya kwanza, na kila upande unaichanganya na saa ya wakati huo kupata tarakimu zilezile. Kwa hiyo simu haihitaji hata mtandao, ila saa zikipishana dakika kadhaa namba sahihi itakataliwa, na fundi atahangaika kutafuta kosa pasipo kosa. Tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini zinaifuata laini, na laini huweza kuhamishiwa kwa tapeli dukani.

Jambo moja linavuruga haya yote. Tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro ndani ya huduma hii yenyewe, ikajulikana kama BlueKeep. Iligusa Windows 7, Server 2008 na za kabla yake, na ilikuwa nzito kiasi kwamba kampuni ilitoa kiraka hata cha Windows XP, mfumo ambao ilikuwa imeacha kuuhudumia tangu 2014. Aliyeijua kasoro hiyo angeweza kuishika kompyuta kabla ya kuombwa nywila. Dado, kikomo cha makosa na tarakimu sita vyote hukaa baada ya mlango kuzungumza na mgeni, na BlueKeep ilikuwa kwenye mazungumzo yenyewe. Kanuni ya Network Level Authentication, inayomtaka mtu ajitambulishe kabla ya kikao kufunguliwa, ilipunguza hatari hiyo na inafaa iwe imewashwa daima, lakini mwenye nywila ya kuibwa aliweza kuivuka.

Kwa hiyo kwangu kazi huanzia mahali pengine: mlango 3389 usionekane barabarani. Mhasibu aingie kwanza kwenye VPN, na hatua ya pili iwekwe hapohapo kama VPN hiyo inairuhusu, kisha fayawoli ya seva ikubali 3389 kutoka anwani za VPN peke yake. WireGuard inafaa kwa ofisi ndogo, kwa kuwa ujumbe usiobeba ufunguo unaotambulika haiujibu kabisa. Anayezunguka na orodha ya anwani bilioni nne anapita bila kujua kwamba hapo pana kitu. Ukisha kuweka, toka nje ya mtandao wa ofisi. Zima Wi-Fi, unganisha laptopu na intaneti ya simu, VPN ikiwa imezimwa, kisha andika amri hii kwenye PowerShell ukiweka anwani ya ofisi yako mahali pa hii ya mfano:

```
Test-NetConnection -ComputerName 203.0.113.10 -Port 3389
```

Mstari wa mwisho unapaswa kusomeka `TcpTestSucceeded : False`. Ukisoma `True`, rudi kwenye ruta ukatafute ule mlango aliouacha fundi wa mwaka juzi. Na kama seva ni ya kukodi, mfano wa ile ya Colorado, fungua fayawoli ya aliyekukodisha, kwa sababu yake na ya Windows ni mbili tofauti.