Shati Likifumuliwa, Nani Alipe?

Tuchukue karakana ya ushonaji iliyopokea oda ya mashati 400 ya sare kutoka shule moja. Mashati yakishakamilika, mkaguzi anayapitia moja moja kabla ya kupigwa pasi na kufungwa. Anatoa 32 pembeni. Kola hii imekaa upande, tundu la kifungo lile limechanika, mshono wa bega umeruka. Hakuna la kutupa hapo, kwa sababu vyote vinafumulika na kushonwa upya, kisha shati linauzwa kwa bei ile ile. Ndiyo tofauti kati ya bidhaa yenye kasoro na bidhaa iliyoharibika: shati lililokatwa fupi kuliko kipimo limeharibika, na mwisho wake ni kuuzwa kwa bei ya kutupa au kugeuzwa matambara.

Kufumua na kushona upya kuna gharama. Tuseme kwa kila shati, uzi, vifungo, ujira wa fundi na sehemu yake ya umeme na kodi ya jengo ni shilingi 2,000. Mashati 32 ni shilingi 64,000. Fedha hizo zimeshatumika, na mfuko mmojawapo lazima uzibebe: wa shule iliyoagiza, wa wateja wote wa karakana, au wa mwenye karakana.

Wengi huandika zote kwenye kadi ya oda, kwa hoja kwamba mashati ni ya shule ile. Hesabu ya gharama kwa oda haikubali haraka hiyo. Inauliza kwanza kasoro imetoka wapi.

Hakuna karakana isiyofumua. Hata mafundi wawe hodari na mashine ziwe nzima, mashati machache yatarudi mezani. Kasoro hizo ndizo za kawaida, na kiwango chake hupatikana katika daftari la ukaguzi la miezi mingi, pasipo kuhesabu miezi iliyokuwa na balaa. Tuseme daftari la karakana yetu linaonyesha mashati 5 katika kila 100. Kwa oda ya 400, basi, 20 yalitarajiwa. Yaliyobaki 12 yamevuka kiwango.

Asilimia peke yake haitoshi kuhukumu, hivyo mkaguzi anatazama kadi zilizofungwa kwenye mafungu. Mashati 20 yametoka kwa mafundi tofauti, siku tofauti, na kila moja lina kasoro yake. Yale 12 yote yametoka kwenye cherehani moja, mchana mmoja, na kasoro ni ile ile: mishono imeruka. Sindano ilikuwa imepinda, na fundi akaendelea kushona badala ya kuibadilisha. Kasoro inayojirudia namna hiyo ina chanzo ambacho kingezuilika.

Sasa tugawe gharama. Shilingi 40,000 za mashati 20 zinakwenda kwenye gharama za jumla za karakana, pamoja na umeme, kodi na mshahara wa msimamizi. Karakana hii hutoza kila oda asilimia 80 ya ujira wa mafundi kufidia gharama hizo za jumla. Ndani ya 80 hiyo, 4 zimewekwa makusudi kwa ajili ya kufumua kunakotarajiwa. Ujira wa oda ya shule ni shilingi 1,000,000, kwa hiyo imeshatozwa 40,000 za kufumua kabla hata shati la kwanza halijakaguliwa. Ukiandika tena 40,000 kwenye kadi yake, umeitoza mara mbili.

Hivyo kadi ya oda inabaki hivi: kitambaa na vifaa shilingi 2,200,000, ujira 1,000,000, gharama za jumla 800,000. Jumla ni 4,000,000, yaani shilingi 10,000 kwa shati. Mzigo wa kasoro za kawaida umebebwa na wateja wote kidogo kidogo, kwa kuwa ni sehemu ya kushona nguo.

Lakini kuna kasoro za kawaida ambazo si haki kuwagawia wateja wengine. Kwaya inaagiza majoho 60 ya satini, yenye darizi nyembamba shingoni kwa namna waliyoichagua wao. Satini huteleza chini ya sindano, na fundi mkuu anasema mapema kwamba 9 hivi yatarudiwa, kila moja kwa shilingi 4,000. Hapa kasoro inatokana na matakwa ya mteja huyu, si na kazi za karakana kwa ujumla. Zile 36,000 zinaingia kwenye kadi ya majoho yenyewe. Kama joho liligharimu 30,000, sasa ni 30,600, na bei ipangwe hivyo tangu siku ya makubaliano. Sharti ni moja: oda hii itozwe gharama za jumla kwa asilimia 76, si 80, kwa kuwa kufumua kwake inakulipia peke yake.

Zimebaki 24,000 za sindano iliyopinda. Hizi haziingii kwenye kadi ya shule wala kwenye gharama za jumla. Zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya faida na hasara, zikiwa hasara ya kipindi hicho, na anayezibeba ni mwenye karakana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2, katika aya ya 16, kinasema vivyo hivyo: upotevu usio wa kawaida wa malighafi, ujira au gharama nyingine za uzalishaji usihesabiwe katika thamani ya bidhaa iliyoko ghalani.

Sababu yake inaonekana kwenye oda ijayo. Mwenye karakana hupanga bei kwa kutazama kadi ya oda iliyopita. Akiandika zote 64,000 humo, shati litaonekana limegharimu 10,160. Mwakani atanukuu bei inayobeba sindano iliyokwisha kutupwa, na huenda mshindani akamchukulia kazi. Baya zaidi, hasara ikishajificha ndani ya oda, hakuna atakayeuliza kwa nini sindano haikubadilishwa. Ikisimama peke yake kwenye hesabu za mwezi, itaulizwa.

Je, fundi akatwe mshahara? Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato ya hasara pale tu ilipotokana na kosa la mfanyakazi. Ni lazima aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Chochote kitakachorudishwa kwa njia hiyo kinapunguza ile hasara ya 24,000; hakigusi kadi ya shule.

Mgawanyo huu wote hufa pale saa za kufumua zinapoandikwa kama saa za kushona. Dalili yake ni kadi ya oda ambayo ujira wake umepita makadirio huku idadi ya mashati haijaongezeka. Dawa ni kadi ya marudio, ya rangi tofauti, inayojazwa kabla fundi hajashika mkasi wa kufumulia: namba ya oda, namba ya cherehani, aina ya kasoro, muda uliotumika. Msimamizi asiachiwe peke yake kuamua kipi ni cha kawaida, maana kasoro za zamu yake akiziita za kawaida, zinatoweka ndani ya gharama za jumla, na mwaka unaofuata ile 4 inakuwa 5 kwa kila mteja.