Bajeti ya malori matano

Idara nyingi hupanga bajeti kwa kuchukua matumizi ya mwaka jana, kuongeza asilimia kumi, na kupeleka jumla hiyo kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akikata kidogo, mkuu wa idara ananung'unika, kisha mwaka unaanza. Ikifika robo ya kwanza, hakuna anayeweza kusema kama idara imetumia vizuri au vibaya, maana kilichopo ni jumla moja tu.

Tuchukue idara ya usafirishaji ya kampuni ya kubuni, inayosambaza vifaa vya ujenzi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. Ina malori matano ya tani kumi, madereva watano, utingo watano na msimamizi mmoja. Kwa pamoja magari hutembea kilomita 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka.

Swali la kwanza ni hili: malori yote yakilala yadi mwezi mzima bila safari hata moja, ni bili zipi zitaendelea kuja? Mishahara itakuja, shilingi milioni 5.5, na juu yake asilimia 10 ambayo kwa kawaida mwajiri huchangia NSSF. Kodi ya yadi itakuja. Bima, leseni na vifaa vya kufuatilia magari havijali kama lori limetembea au la. Kwa idara yetu jumla ya hizi gharama zisizobadilika ni milioni 9 kwa mwezi, milioni 108 kwa mwaka. Huo ni wastani, lakini. Bima ya magari yote, milioni 14, hulipwa kwa mkupuo, na mwezi wake usipowekwa alama kwenye kalenda ya malipo, idara itajikuta haina pesa taslimu ilhali bajeti yake ni nzima.

Gharama zinazobadilika zina utaratibu mwingine kabisa, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Usiziandike kama kiasi cha mwaka. Ziandike kama bei ya kilomita moja. Lori letu likienda kilomita tatu kwa lita, na dizeli ikiwa shilingi 2,700, kila kilomita inakula shilingi 900 za mafuta. Seti ya matairi kumi kwa milioni 6, ikidumu kilomita 60,000, ni shilingi 100. Posho ya safari, ikigawanywa kwa urefu wa safari ya kawaida, ni 150. Matengenezo ya kawaida ni 50. Jumla shilingi 1,200 kwa kilomita. Ukizidisha kwa 240,000 unapata milioni 288, lakini kiasi hicho ni makadirio tu. Kinachopaswa kukaa kichwani mwa msimamizi ni ile 1,200.

Hayo matengenezo yanahitaji neno moja, kwa sababu ni gharama ya mchanganyiko. Fundi analipwa kitu kila mwezi hata asipoguswa, kisha vilainishi na vichujio hufuata mwendo wa gari. Ili kutenganisha, chukua mwezi wenye kilomita nyingi kuliko yote na wenye chache kuliko yote. Tuseme mwezi wa kilomita 24,000 matengenezo yaligharimu 1,700,000, na mwezi wa kilomita 14,000 yaligharimu 1,200,000. Kilomita 10,000 zimeleta tofauti ya laki tano, yaani shilingi 50 kila moja. Kilomita 14,000 mara 50 ni laki saba. Laki tano zilizobaki ni za fundi, na tayari zimo ndani ya ile milioni 9. Njia hii ni ya haraka na ina udhaifu wake: ikiwa mmoja wa miezi hiyo ulikuwa na ajali au gari liliharibika vibaya, hesabu yote inapinda. Mwezi wa namna hiyo uache, chukua unaofuata.

Sasa tuone faida yake. Robo ya kwanza imekwisha. Bajeti ilikuwa kilomita 60,000: milioni 27 zisizobadilika na milioni 72 za mwendo, jumla milioni 99. Idara imetumia milioni 93. Bosi anafurahi, milioni 6 zimeokolewa!

Lakini malori yalitembea kilomita 48,000 tu, biashara ilikuwa baridi. Kwa mwendo huo idara ilistahili milioni 27 na milioni 57.6, jumla milioni 84.6. Kwa hiyo imepitiliza kwa milioni 8.4, na ripoti ya kawaida ingeionyesha kama idara iliyobana matumizi.

Zimekwenda wapi? Dizeli iliyonunuliwa ni lita 18,500, badala ya 16,000. Lita 2,500 za ziada ni shilingi 6,750,000. Hapo watu hukimbilia kusema mafuta yananyonywa, na wakati mwingine ni kweli. Kwanza tazama gari moja moja. Malori matatu yalitembea kilomita 36,000 kwa lita 12,000, sawasawa na makadirio. Mawili yaliyobaki yalikunywa lita 6,500 kwa kilomita 12,000, chini ya kilomita mbili kwa lita. Haya ndiyo yaliyohamishiwa kugawa saruji mjini, yakinguruma kwenye foleni na kuzimwa na kuwashwa kila duka. Kabla ya kumshuku dereva, lipime lori moja kwa kulijaza tangi, kulizungusha njia ileile na msimamizi ndani, kisha kulijaza tena. Likirudi na kiwango kilekile, bajeti ndiyo iliyokosea: inahitaji bei mbili za kilomita, moja ya njia kuu na moja ya mjini. Likirudi na kiwango kizuri, basi kuna la kuulizana. Shilingi 1,650,000 zilizobaki zilikuwa posho za madereva waliolala Dodoma wakisubiri kupakua, na hizo anapaswa kuziona mtu wa mauzo, si wa usafirishaji.

Inabaki akiba ya dharura. Mazoea ni kuandika asilimia fulani mwishoni mwa ukurasa, na mkurugenzi huifuta kwanza kwa sababu haina sababu. Afadhali kila shilingi ya akiba iwe na jina la hatari. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na mwaka 2022 dizeli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Kwa idara yetu inayotumia lita 80,000 kwa mwaka, bei ikipanda kwa shilingi 300 kwa miezi sita, pengo ni milioni 12. Pili, lori la zamani linaweza kuua injini: milioni 10 za ukarabati na milioni 6 za kukodi gari mbadala, jumla 16. Ukiona uwezekano ni nusu kwa nusu, weka milioni 8. Akiba ni milioni 20. Haitatosha ikiwa mabaya yote yatatokea kwa ukamilifu, na hilo liandikwe wazi.

Akiba hiyo ikae mstari wake, nje ya mafuta na matairi, na isiguswe bila sahihi ya mtu asiye msimamizi wa magari. Ikijificha ndani ya mistari mingine italiwa polepole na makadirio mabovu, kama yale ya malori ya mjini, na injini itakapokufa Machi hakuna kitu. Mwaka unavyosonga, hatari nazo hupungua. Idara ikiwa inafunga hesabu Juni na bei ya dizeli imetulia hadi Aprili, sehemu kubwa ya zile milioni 12 haina kazi tena. Irudishwe kwa kampuni Aprili hiyohiyo, kabla haijageuka viti vipya vya ofisini mwezi Juni.