Maneno Chini ya Picha ya Baiskeli

Maelezo ya picha ya matembezi ya baiskeli mtaani hayarudii kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Baiskeli inaonekana, na barabara pia. Kazi ya maneno ni kuleta kilichobaki nje ya picha: jina la mahali, saa, sauti, na kumbukumbu.

Chukua picha iliyopigwa Ngamiani, Tanga, mji ambao baiskeli ni chombo cha kila siku na mitaa yake mingi huitwa kwa namba. Mtu akiandika, “Nikiendesha baiskeli mtaani, nakumbuka zamani,” sentensi hiyo ingefaa mji wowote, na neno “nakumbuka” linatangaza hisia bila kumpa msomaji cha kukumbuka. Hebu ibadilishwe hivi:

“Barabara ya Kumi na Mbili, saa kumi na moja jioni. Kengele inalia, haraka hakuna. Hapa ndipo tulipojifunzia baiskeli ya baba, mguu ukipita chini ya bomba kwa kuwa kiti hatukukifikia.”

Wepesi umetokana na sentensi fupi za mwanzo, zisizo na lengo la safari. Hamu ya zamani imebebwa na mguu ule chini ya bomba. Aliyewahi kufanya hivyo atatabasamu mara moja. Kumbukumbu moja yatosha. Ikiongezwa ya pili na ya tatu, maelezo huwa maombolezo, na raha ya matembezi hupotea.

Kabla ya kuyatuma, yasome kwa sauti: ukihitaji kuvuta pumzi katikati ya sentensi, ikate.