Chaji Iliyomo Ndani

Mwaka 1909, katika maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walielekeza chembe alfa kwenye bati jembamba la platini. Karibu zote zilienda mbele. Lakini chembe moja hivi kati ya 8,000 iligeuka ikarudi upande ilikotoka. Ili kuona kwa nini jambo hilo halikupaswa kutokea, inatosha kuijua sheria ya Gauss na kuitumia kwenye tufe.

Sheria yenyewe ni fupi. Zungushia chaji uso uliofungika pande zote, kama ganda la chungwa. Jumla ya uga wa umeme unaopenya kutoka nje ya ganda hilo, yaani fluksi, hutegemea chaji iliyomo ndani tu. Chaji ikiwa imepangwa sawa kila upande kuzunguka kitovu, na ganda letu likiwa tufe lenye kitovu hichohicho, hakuna sehemu ya ganda inayopendelewa. Uga ni uleule kila mahali juu yake, kwa hiyo tunagawa tu fluksi kwa eneo la ganda:

E × 4πr² = q/ε₀

Hapa r ni umbali kutoka kwenye kitovu, na q ni chaji iliyo ndani ya umbali huo. Chaji ikirundikana upande mmoja, sheria haivunjiki na fluksi haibadiliki, ila hatuna tena haki ya kuigawa sawasawa.

Wakati huo J. J. Thomson aliichukulia atomu kuwa tufe ambalo chaji yake chanya imetapakaa mwili mzima, kama sukari iliyokorogwa kwenye maji. Tuipime atomu ya dhahabu kwa sheria hii. Tuseme nusukipenyo chake ni mita 10⁻¹⁰, na kwa sasa tuziweke elektroni kando.

Simama nusu ya njia kati ya kitovu na ukingo. Tufe lililo chini yako lina thumuni ya ujazo wote, kwa hiyo lina thumuni ya chaji. Eneo la ganda lako ni robo ya lile la ukingoni. Thumuni ukiigawa kwa robo unapata nusu: uga wa hapo ni nusu ya uga wa ukingoni. Chaji iliyo nje ya ganda lako, ingawa ni thumuni saba, haichangii chochote, kwa sababu misukumo yake kutoka pande zote inafutana. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: huingiza chaji yote kwenye q, kisha uga wao unazidi kukua wanapokaribia kitovu. Ukweli ni kinyume chake. Ndani ya tufe la namna hii uga hupungua kadiri unavyozama, na kwenye kitovu kabisa ni sifuri.

Basi chembe alfa haikuwa na cha kuihofia katika atomu ya Thomson. Kuipandisha kutoka mbali hadi kitovuni, hata bila elektroni za kupunguza msukumo, kungegharimu elektronivolti 3,400 hivi. Chembe alfa za radiamu C huja na milioni 7.7.

Mwaka 1911 Rutherford alikusanya chaji chanya yote katikati na kuitandaza hasi katika tufe la atomu. Katika ukingo wa atomu ya Thomson, uga wa chaji chanya haubadiliki hata kidogo kwa mpango huu, kwani ganda la hapo limezunguka chaji ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaweza kusogea ndani na chaji chanya yote bado iko mbele yako. Chembe ya radiamu C ikilenga kitovu cha dhahabu husimama kwenye mita 3 × 10⁻¹⁴ hivi, kisha inarudishwa. Je, elektroni hazipunguzi msukumo? Hesabu ileile inajibu. Ganda la umbali huo lina sehemu ndogo sana ya chaji hasi, chini ya moja ya bilioni 30. Nyingine yote iko nje, na iliyo nje haihesabiwi.

Lakini sheria hiyohiyo ilificha kitu. Nje ya tufe, uga ni kama chaji yote imo kwenye nukta moja, liwe tufe kubwa au dogo. Kwa hiyo chembe iliyogeukia nje ya kiini cha dhahabu iliweza kusema kwamba kiini ni kidogo kuliko umbali ilikofika, bila kusema ni kidogo kiasi gani. Ilibidi kitu kiingie ndani. Katika miaka ya 1950, Robert Hofstadter alirusha elektroni za nishati kubwa kwenye viini huko Stanford. Kiini cha dhahabu kikaonekana kuwa na nusukipenyo cha mita 7 × 10⁻¹⁵ hivi. Chaji yake imetapakaa karibu sawasawa, kisha inafifia taratibu kuelekea ukingoni.