Tovuti Haifunguki Tangu Asubuhi: Cha Kumwandikia Mwenye Seva

Kampuni zinazohifadhi tovuti za watu kwenye seva zao zimeuzoea ujumbe wa namna hii: "Tovuti yetu haifunguki tangu asubuhi. Naomba msaada wa haraka." Fundi wa zamu akiupokea, kitu cha kwanza anachofanya ni kuifungua hiyo tovuti kutoka mezani kwake. Ikifunguka, anajibu kwamba kwake inafunguka na anafunga tiketi. Isipofunguka, anarudisha maswali: unaona maneno gani kwenye skrini? Ilianza saa ngapi? Mmebadilisha chochote? Mteja anajibu baada ya nusu saa, tiketi inasubiri tena zamu yake, na saa ya mchana inafika kabla mtu yeyote hajaigusa seva.

Tuchukue mfano wa nyumba ndogo ya wageni huko Paje, Zanzibar, ambayo wageni wake wengi hulipia chumba kupitia tovuti. Tovuti imejengwa kwa WordPress, imewekwa kwenye seva ya pamoja ambayo wateja wengine wengi wanaitumia, na seva yenyewe iko Ujerumani. Asubuhi mgeni anatuma ujumbe wa WhatsApp kwamba ukurasa wa kulipia umegoma. Mwenye nyumba anafungua kivinjari na kukuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja tu:

```
Error establishing a database connection
```

Mstari huo unaonekana mkavu, lakini umeshasema mengi. Maana yake ni kwamba programu ya tovuti imeamka, imejaribu kuzungumza na hifadhidata inayotunza kurasa, bei na oda, na haikupata jawabu. Kwa hiyo jina la tovuti linafanya kazi, njia ya intaneti kutoka Paje hadi Ujerumani iko wazi, na seva inapokea maombi. Laiti kivinjari kingeandika `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`, kisa kingekuwa tofauti kabisa: jina halipatikani, na jambo la kwanza la kuangalia ni kama ada ya mwaka ya jina hilo imelipwa. Kama kingeandika `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`, basi ombi limeondoka na jibu halikurudi, na hapo kosa linaweza kuwa popote njiani. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na nchi jirani ilizorota, na tovuti zilizohifadhiwa nje zilionekana zimekufa ilhali seva zake zilikuwa nzima.

Ndiyo sababu maneno ya kosa huandikwa kama yalivyo, herufi kwa herufi, bila kutafsiriwa wala kufupishwa. "Inaleta kosa la database" si sawa na mstari ule. Picha ya skrini inasaidia, hasa ikionyesha anwani ya ukurasa na saa, lakini fundi hawezi kunakili maneno kutoka kwenye picha na kuyatafuta kwenye kumbukumbu za seva. Tuma vyote viwili.

Kabla ya kuandika, mwenye nyumba anaweza kufanya ukaguzi wa dakika kumi. Anazima waifai na kufungua tovuti kwa bando la simu. Hatua hii inapuuzwa sana, nayo inafichua jambo moja linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: seva imeizuia ofisi moja tu. Mtu akibadilisha nywila ya barua pepe na kuisahau kwenye simu ya zamani, simu hiyo inaendelea kubisha kwa nywila mbovu kila dakika chache, na ukuta wa ulinzi wa seva unadhani ni mwizi. Unaifungia anwani ya IP ya ofisi nzima. Kwa walio ofisini tovuti imezimika. Kwa dunia nyingine iko hewani. Dalili ni hiyohiyo, kwamba kwa bando inafunguka na kwa waifai haifunguki, na dawa ni kumpelekea mwenye seva anwani ya IP ya ofisi ili aifungulie. Huko Paje kosa ni lilelile kwa njia zote mbili, kwa hiyo kizuizi hicho si chanzo.

Hatua inayofuata ni nzuri zaidi na haihitaji utaalamu. WordPress huja na faili la kawaida liitwalo `readme.html`, ambalo halihitaji hifadhidata hata kidogo. Mwenye nyumba anaandika anwani ya tovuti na kuongeza jina hilo mwishoni:

```
https://www.example.com/readme.html
```

Faili linafunguka mara moja. (Baadhi ya mafundi hulifuta kwa sababu za usalama, hapo faili lolote la picha litafaa, mradi lifunguliwe kwenye dirisha la faragha ili kivinjari kisitoe nakala yake ya zamani.) Sasa hakuna ubishi tena: seva ya kurasa iko hai, hifadhidata ndiyo isiyojibu.

Bado kuna swali la nani ameiharibu. Hifadhidata inaweza kukataa kwa sababu nywila yake iliyoandikwa kwenye faili la `wp-config.php` imebadilishwa, na hilo ni kosa la upande wa mteja. Au inaweza kuwa imelala yenyewe, na hilo ni la mwenye seva. Kuzitenganisha, mwenye nyumba anaingia kwenye cPanel na kubofya phpMyAdmin, chombo kinachoifikia hifadhidata bila kupitia WordPress. Nacho kinagoma:

```
mysqli::real_connect(): (HY000/2002): No such file or directory
```

Namba ya kushika hapo ni 2002. Ingekuwa 1045, maana yake ni kwamba hifadhidata iko macho na imekataa jina au nywila. Hii 2002 inasema hakuna hata mlango wa kubisha, yaani huduma ya MySQL kwenye seva haifanyi kazi. Mteja wa seva ya pamoja hana ruhusa ya kuiwasha, hata awe fundi wa namna gani. Hapa ndipo anapaswa kuacha kugusa vitu. Wapo ambao kwa hofu hurudisha nakala ya juzi, na huduma inapoamka wanakuta oda za jana na za alfajiri zimefunikwa.

Sasa saa. Neno "tangu asubuhi" halimsaidii fundi, kwa sababu kumbukumbu za seva zimeandikwa kwa dakika na sekunde. Kinachomsaidia ni nyakati mbili: mara ya mwisho tovuti kuonekana nzima, na mara ya kwanza kuonekana mbovu. Mwenye nyumba wa Paje anayo ya kwanza bila kujua, kwani barua pepe ya oda ya mwisho iliingia saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili alfajiri. Ujumbe wa mgeni ulikuja saa mbili na dakika kumi. Fundi atapekua saa moja na nusu tu ya kumbukumbu badala ya usiku kucha.

Ila hapa kuna mtego wa kwetu wenyewe. Akiandika "saa 2:10 asubuhi", msomaji wa Paje anaelewa. Fundi wa Ujerumani, au hata wa Dar aliyezoea saa za kompyuta, anasoma 02:10. Atafungua kumbukumbu za usiku wa manane, ataona kila kitu shwari, na atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba haoni tatizo. Seva nyingi, tena, hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo huandikwa kwa mtindo wa saa 24, pamoja na eneo lake: 08:10 Afrika Mashariki, sawa na 05:10 UTC. Usimwachie fundi hesabu hiyo. Akikosea yeye, anayechelewa ni wewe.

Ujumbe wenyewe, basi, unakuwa hivi:

> Kichwa: example.com haifunguki, MySQL haijibu (kosa 2002) tangu kati ya 06:42 na 08:10
>
> Habari za kazi,
>
> Tovuti ya example.com, akaunti ya cPanel "pajewageni", inaonyesha kwenye kila ukurasa: "Error establishing a database connection".
>
> Mara ya mwisho ilifanya kazi leo tarehe 4 Machi saa 06:42 (03:42 UTC), oda ilipoingia. Kosa lilionekana mara ya kwanza saa 08:10 (05:10 UTC). Saa 08:35 (05:35 UTC) hali ni ileile.
>
> Nimekagua: kosa ni moja kwa waifai na kwa mtandao wa simu. Faili la /readme.html linafunguka. phpMyAdmin kutoka cPanel inatoa "mysqli::real_connect(): (HY000/2002): No such file or directory". Nafasi ya diski kwenye akaunti yangu haijajaa. Hatujabadilisha nywila, programu wala mipangilio tangu wiki iliyopita.
>
> Naomba mwangalie huduma ya MySQL kwenye seva hii, na mnijulishe chanzo pamoja na saa iliporudi. Picha ya skrini nimeambatisha. Nipo kwenye namba ya simu iliyo kwenye akaunti.

Kichwa kinatosha kumfanya msimamizi wa zamu aipeleke tiketi moja kwa moja kwa wenye ruhusa ya seva. Hakuna nywila ndani yake; fundi wa kweli haihitaji, na tiketi husomwa na watu wengi. Ujumbe umetumwa kupitia anwani ya Gmail iliyosajiliwa kwenye akaunti, kwa maana anwani inayoishia na jina la tovuti mara nyingi huhifadhiwa kwenye seva ileile. Seva ikizimwa ili itengenezwe, majibu nayo hayatafika. Anayesajili anwani kama hiyo pekee hugundua kasoro yake siku mbaya kuliko zote.

Baada ya kutuma, ni kungoja. Tiketi ya pili kwa jambo lilelile huleta mafundi wawili wasiojua kwamba wanafanya kazi moja, na katika baadhi ya mifumo kila nyongeza huirudisha tiketi nyuma ya foleni. Cha kuongeza ni habari mpya tu, kwa mfano kosa likibadilika.

Jibu la kawaida kwa kisa cha aina hii ni fupi: diski ya seva ilijaa, au kumbukumbu ya muda iliisha kwa sababu ya mteja mwingine kwenye seva hiyohiyo, MySQL ikaanguka, sasa imewashwa. Mwenye nyumba anafungua tovuti, kisha anajaribu oda moja ya uongo hadi mwisho, kwa kuwa ukurasa wa mbele unaweza kufunguka huku jedwali la oda limeharibika. Akiona sawa, anaandika saa kwenye tiketi na kuifunga.

Saa hizo zina kazi nyingine. Kampuni nyingi huahidi kwamba seva itakuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda, na katika mwezi wa siku 30 hiyo inaruhusu dakika 43 tu za kuzimika. Kisa cha Paje kikiisha saa 10:00, hata ukihesabu kuanzia 08:10 peke yake, ni dakika 110. Fidia mara nyingi haiji yenyewe: mteja huiomba, ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba, akionyesha namba ya tiketi. Nayo hukatwa kwenye ada ya kuhifadhi tovuti ya mwezi huo. Chumba ambacho mgeni alishindwa kukilipia asubuhi ile hakimo.